Laini ya Cucu Iliyofia Mikononi Mwangu

Laini ya cucu niliiua mimi. Nasema mapema usije ukaanza kutafuta mwizi. Mama alimtafuta siku tatu nzima, akamlaani kwa majina yote anayoyajua, na mimi nikakaa kando nikiitikia, "Watu ni wabaya sana, mathe."

Cucu ndiye mama ya mama yangu, na mimi nimebeba jina lake, kama wasichana wa pili wengi wa kwetu. Kwa sababu hiyo mama huona vibaya kulipaza jina langu, maana ni kama anamfokea mama yake. Huniita maitu, yaani mama. Ni vigumu kumgombeza mtu vizuri huku ukimwita mama, na nafasi hiyo nimeitumia tangu nikiwa nasari.

Januari ile cucu aliteleza kwenye zizi la ng'ombe wake huko Kalimoni akavunjika nyonga. Alipotoka hospitali alikuja kwetu Ruiru, akapewa kitanda changu, mimi nikapewa kochi lenye spring moja inayopenda watu. Alikuja na Biblia, blanketi lake la bluu, na kabambe iliyofungwa mpira wa chupi kwa sababu kifuniko cha betri kilipotea zamani. Ile simu hakuitumia. Kila aliyetaka kumjulia hali alipiga simu ya mama, kwa kuwa mgonjwa hupigiwa kupitia anayemuuguza. Kabambe ikaingia kwenye droo ya kabati ya vyombo, karibu na vile vijiko tusivyotumia.

Lakini ndani ya ile laini kulikuwa na pesa ya choo.

Wacha nieleze. Tangu guka, mume wake, afariki, cucu alikuwa akiweka pesa ya maziwa kidogo kidogo kwenye simu, ili siku moja ajenge choo cha ndani. Wakati ule tulimwona ni mzee mwenye madoido. Alipovunjika nyonga, daktari wa Thika alisema habari ya kuchuchumaa kwenye choo cha shimo imekwisha. Kwa hivyo hesabu ilikuwa fupi: bila choo cha ndani, hakuna kurudi Kalimoni. Cucu alitaka kurudi kuliko alivyotaka kupona. Mama alitaka abaki Ruiru, na hawakugombana kuhusu jambo hilo kwa sababu wote walijua pesa ya choo ipo, na ni ya mwenyewe.

Kazi ya kuitunza laini nilipewa mimi, mwenye jina. Kila mwisho wa mwezi mama alinipa shilingi hamsini. Maagizo yalikuwa mepesi hata kwa mtu wa Form Two: toa simu kwenye droo, chaji, weka kredo, piga simu moja, rudisha.

Mwezi wa kwanza nilifanya. Mwezi wa pili nikafikiri kama mhasibu. Nje ya geti la shule yetu kuna jamaa wa mkokoteni anayeuza smokie, zile soseji fupi, na kwa hamsini unapata moja iliyopasuliwa ikajazwa kachumbari, na chenji ya peremende. Nikajiuliza, laini inataka nini hasa? Inataka kuonyesha iko hai. Na kampuni ya simu inakupa bure zile meseji za "tafadhali nipigie", za watu wasio na kredo. Nikaziona ni dawa. Kila mwezi nikawa natuma tatu kutoka kabambe ya cucu kwenda kwa simu ya mama, halafu naingia jikoni anakoiacha nazifuta kabla hajaziona. Laini inapumua, mimi nashiba. Darasani niliwaeleza marafiki zangu wawili kuhusu uvumbuzi huu nao wakasema nitakuwa waziri.

Kuna wakati, kama katikati ya mwaka, zilikuja meseji za Kiingereza kwenye kabambe. Niliisoma moja kwa sauti ya mtangazaji wa habari, mkono sikioni: mpendwa mteja, laini yako haijatumika, itumie ili isifungwe. Marafiki zangu walicheka mpaka mmoja akakabwa na chapo aliyokuwa akila. Mimi sikuamini. Simu za watu wote siku hizi zinaingia meseji za mpendwa mteja, umeshinda hiki, utafungiwa kile, bonyeza hapa. Nilifuta.

Nilipoitoa simu mwisho wa Julai, skrini ilikuwa na maandishi ya kusema hakuna huduma. Nikatoa kadi, nikaipangusa kwa sketi, nikairudisha. Nikaipulizia kama chai. Nikapanda nayo hadi kwenye paa wanakoanika nguo, kwa sababu labda network iko juu. Hakuna.

Hapo ndipo ningesema. Mama alikuwa jikoni akikata sukuma, cucu alikuwa sebuleni akifanya mazoezi yake ya kuinua mguu mara kumi, na mimi nikashuka ngazi nikiwa na sentensi mdomoni. Cucu, anayeniita kairitu, yaani msichana, akaniuliza, "Kairitu, laini yangu iko sawa?" Nikasema iko sawa kabisa. Agosti nikala smokie. Septemba nikala, lakini sikusikia utamu, nikamgawia mtu nusu. Oktoba hata droo sikuifungua.

Desemba cucu aliacha fremu ya kutembelea akaanza fimbo. Siku hiyo hiyo akataka fundi. Fundi wa Kalimoni akapiga hesabu kwa simu ya mama, akasema akipata ya kuanzia kununua mabomba na saruji, Krismasi itakuta choo kimesimama. Cucu akakaa wima kwenye kochi langu. "Leteni simu yangu," akasema.

Nilisema chaji imeisha. Nikaichaji saa mbili. Nikasema network ya Ruiru inasumbua. Mama akasema wacha nijaribu kuipigia, huenda ni kioo kibovu. Akapiga, akaweka spika.

Ikaita. Moyo wangu uliruka kwa furaha, nikafikiri imefufuka, kisha nikaona kabambe mkononi mwangu iko kimya. Upande wa pili akajibu kijana, nyuma yake muziki na mtu anayecheka.

"Niaje?"

Mama akamuuliza yeye ni nani na simu ya mama yake ameitoa wapi. Kijana akasema hii ni laini yake. Mama akamwambia atamjua yeye ni nani. Kijana akakata. Mama akafanya kitu ambacho kila mtu hapa anakijua: akaanza kama anayetuma pesa kwa ile namba, ili jina lijitokeze kabla ya kuweka PIN. Likatokea jina la mwanaume, geni kabisa. Mama akafuta, akakaa chini.

Cucu akanyoosha mkono. Aliichukua kabambe kutoka mkononi mwangu, akairudishia ule mpira vizuri, akaiweka juu ya Biblia.

Kwa siku tatu zilizofuata nyumba yetu ilikuwa na mwizi asiyekuwepo. Mama alisema ni wale wanaohamisha laini za wazee usiku usiku. Aliwaza kwenda polisi. Jirani akaleta kisa cha binamu yake, ambaye alifagiliwa pesa zote hadi senti. Kila kisa kilimfanya cucu awe mdogo zaidi kwenye kochi. Siku ya pili aliacha kuinua mguu. Mama alipomkumbusha akasema, kwa upole tu, kwamba mguu wa kukaa hauhitaji mazoezi.

Ningesema wakati huo. Nilikuwa hata nimepanga niseme kwa mzaha, nianze na habari ya kachumbari. Lakini nilikuwa nimegundua jambo baya kuhusu mzaha: unahitaji mtu wa kucheka.

Siku ya nne cucu alikuwa na kliniki Thika, na mama akaamua tukitoka tupitie duka la kampuni ya simu, tupate ushahidi kabla ya polisi. Tulimweka cucu kwenye kiti, tukachukua karatasi ya foleni. Mbele yetu kulikuwa na mzee Mhindi aliyepoteza simu na mama mmoja wa Kiandutu mwenye mtoto mgongoni, aliyefungiwa laini baada ya kukosea PIN. Walihudumiwa haraka. Nilikuwa nikiomba foleni iende pole.

Mhudumu alikuwa dada wa miaka kama ishirini na kitu, kucha ndefu zinazogonga kibodi kama mvua. Mama akamwaga kesi yote. Dada akaomba kitambulisho cha cucu na ile namba, akasoma, akasoma tena.

"Haijaibiwa," akasema. "Hii laini ilikaa bila kutumika kwa miezi, ikafungwa. Ikakaa tena kwa muda, hakuna aliyekuja kuiulizia, kampuni ikairudisha sokoni. Huyo kijana aliinunua dukani kama laini mpya na kuisajili kwa kitambulisho chake. Ni yake sasa."

Mama akasema haiwezekani, kila mwezi inawekwa kredo na inatumika. Dada akageuza skrini kidogo. Akasema anaona kredo ya mwisho iliwekwa mwishoni mwa Januari.

Wote watatu wakanitazama. Cucu alichelewa kidogo, kwa sababu shingo yake hugeuka pamoja na mabega.

Nikasema yote. Smokie, meseji za nipigie, paa, Julai. Nilisema harakaharaka nikiangalia zile kucha. Dada hakucheka, ingawa nadhani mdomo wake ulitaka. Alinieleza kama unavyomweleza mtu mzima, na hilo lilinichoma kuliko kofi. Zile meseji za bure hazihesabiki, akasema. Laini inahesabiwa iko hai ikiwa imelipiwa kitu: umeweka kredo, umepiga simu, umetuma meseji ya kulipia, umenunua bando, umetuma pesa. Kisha akaongeza, "Na hata ilipofungwa mlikuwa na muda. Mngekuja Agosti na hiki kitambulisho, ningemrudishia namba yake hapa hapa mkiwa mmesimama."

Agosti. Agosti nilikuwa nakula.

Mama aliuliza swali ambalo hakuna mwingine aliyekuwa na nguvu ya kuliuliza. "Na pesa iliyokuwa ndani? Kijana ameichukua?"

"Hapana. Hawezi hata kuiona."

Nilimwona cucu akiweka mikono yote miwili juu ya fimbo.

Dada akatueleza. Namba ni ya kampuni, unapewa tu uitumie, lakini pesa ni ya mtu. Namba ikirudishwa sokoni, akaunti ya pesa ya mwenye namba wa zamani hufungwa, na kilichokuwemo kinawekwa kando, kwa jina na kitambulisho chake. Mnunuzi mpya anafunguliwa akaunti yake tupu, kwa kitambulisho chake. Hazikutani. Cucu atajaza fomu ya kudai, waichunguze, na baada ya siku chache pesa iingie kwenye laini mpya atakayosajiliwa leo. Ikikaa miaka mingi bila kudaiwa ndipo hupelekwa kwa ofisi ya serikali inayoshika mali za watu wasiojitokeza, na hata huko inadaiwa, ila safari inakuwa ndefu.

Cucu akauliza kwa Kikuyu, mama akatafsiri: je, namba yake hawezi kurudishiwa kijana akikubali? Dada akatikisa kichwa. Kijana amesajiliwa, ana mambo yake ndani yake tayari.

Halafu akauliza kama kuna kitu kingine kilichofungwa kwenye ile namba. Benki? Mama akasema kuna akaunti ndogo ya pesa ya wazee, na kuna ushirika wa maziwa. Dada akasema hao hawajui namba imehama, na kampuni haiwaambii. Kijana hawezi kuingia benki bila PIN ya cucu, lakini meseji za benki zinaingia kwake, pamoja na zile namba za siri za kuthibitisha. Nendeni benki leo, akasema, mwenyewe na kitambulisho, mbadilishe namba. Na maziwa hivyo hivyo.

Cucu akapigwa picha, akasajiliwa, akaweka PIN mpya huku dada ameangalia pembeni. Kwenye fomu aliandika jina letu polepole, herufi moja moja. Alipomaliza akanigeukia.

"Hiyo smokie," akaniuliza, "ilikuwa tamu?"

Nikasema za mwanzo zilikuwa tamu.

"Na za mwisho?"

Nikatikisa kichwa. Akarudisha kitambulisho kwenye kitambaa chake, akafunga fundo, akashika fimbo kuelekea benki. Mama alijaribu kuanza, "Maitu, wewe..." akakwama pale pale kwenye jina, kama kawaida. Kwa mara ya kwanza niliona ingekuwa afadhali amalize.

Tukiwa nje ya benki mama akampigia yule kijana tena, safari hii kwa salamu kamili na samahani ya siku ile. Akaweka spika. Kijana alikuwa mwanafunzi, anakaa hosteli Kahawa Wendani, na alikuwa na malalamiko yake.

"Mathe, mimi nimechoka," akasema. "Tangu nichukue hii laini napigiwa na wamama kuniuliza kama nimekula. Kuna mmoja kila Alhamisi ananiombea. Kuna jamaa wa kupanda ng'ombe mbegu aliniuliza mimi niko tayari lini."

Mama akacheka, nami nikashukuru kwa kicheko hicho ingawa hakikuwa changu. Kijana akasema pia kuna pesa iliyoingia wiki iliyopita, jina la ushirika wa maziwa. Nikaelewa. Ng'ombe wa cucu alikuwa amekauka karibu mwaka mzima, ndiyo sababu hakuna malipo yaliyokuja. Alikuwa amezaa Oktoba, na jirani anayemtunza ameanza kupeleka maziwa kwa jina la cucu. Ushirika hulipa watu wote kwa pamoja kwa orodha ya namba, hakuna anayetazama majina yanayotokea.

Mama akasema basi aitume kwa namba hii anayompigia nayo. Kijana akakataa kwa heshima. "Sijaigusa, mathe. Lakini siwezi kumtumia mtu yeyote anayenipigia. Ndivyo watu wanakonwa pesa zao. Waambie hao wa maziwa waombe kampuni iirudishe kule ilikotoka, mimi nitakubali mara moja." Mama akakasirika kidogo, kisha akakubali kwamba kijana ana akili, kitu ambacho siku hiyo alikuwa amekikosa kwa vijana.

Kabla hajakata, kijana akauliza, sauti imeshuka, "Lakini huyo cucu mwenyewe yuko hai?"

Mama akasema yuko hapa, ameketi.

"Afadhali. Kuna mama mmoja aliposikia sauti yangu alinyamaza tu, halafu akaanza kulia. Nikamwambia umekosea namba. Akasema hajakosea."

Cucu alisikia. Kiswahili chake si kingi lakini hiki alikielewa. Aliangalia barabara, na mimi nikafikiri kuhusu wanawake wa kanisa lao, wa kikundi chao cha viazi, wale ambao hawakuwa na namba ya mama, waliokuwa na hii tu, vichwani au imeandikwa ndani ya jalada la kitabu cha nyimbo. Nilikuwa nimeona laini ni ya pesa. Kumbe ilikuwa ndiyo njia pekee ya watu wale kujua kama mwenzao anapumua, na nilikuwa nimewaachia kijana wa Wendani awajibu "niaje".

"Wewe," cucu akaniambia. "Utawapelekea namba mpya. Kila mmoja. Kwa miguu."

Pesa ilichukua siku sita. Iliingia kwenye laini mpya asubuhi, na cucu aliisoma meseji mwenyewe, kidole kikipita chini ya kila neno. Hakupiga kelele. Aliinuka akatembea mpaka jikoni na kurudi bila fimbo, mama akiwa nyuma yake amenyoosha mikono, kisha akasema nimpigie fundi. Mama akasikiliza mazungumzo yote ya mabomba na saruji akiwa ameegemea friji. Mwishowe akatoa begi la cucu juu ya kabati, akaanza kukunja nguo.

Kwa hiyo choo kiliposimama, likizo yangu niliimalizia Kalimoni pamoja na cucu, mkononi daftari. Sikuwa na orodha ya namba, nilikuwa na orodha ya maboma: wa mti wa parachichi, wa mbwa mbaya, wa karibu na kisima. Wengi walinipa chai. Mmoja alinipa hotuba. Karani wa ushirika alibadilisha namba na kuniambia pesa iliyoenda kwa kijana imesharudi na itatumwa upya. Kila mahali nilirudia habari, na nilijaribu kuisema bila smokie, lakini cucu alikuwa ameshawaambia wachache kanisani, na habari hiyo ilikuwa na miguu kunishinda.

Wa mwisho alikuwa yule aliyelia kwenye simu, wa boma la mbali ambako habari hazikuwa zimefika. Sikujua ndiye mpaka nilipomwambia nimeleta namba mpya ya rafiki yake. Alinitazama kutoka viatuni mpaka kichwani, ameshika ungo wa maharagwe.

"Siandiki," akasema. "Vijana kama wewe ndio mnatuibia. Yule ameshafariki, sauti ya kijana kwenye simu yake niliisikia kwa masikio yangu."

Nikamwambia apige. Akasema hana kredo. Nikampa simu yangu. Akaikataa, akasema yangu inaweza kuwa na ujanja, akaingia ndani, akatoka na yake mwenyewe, na nikaona kumbe kredo alikuwa nayo. Nilimtajia namba tarakimu moja moja. Aliiweka simu sikioni akanikazia macho kama mlinzi.

Nilisikia ikiita. Nilisikia ikijibiwa, sauti ndogo ya cucu, na neno moja la Kikuyu la kuuliza ni nani.

Ungo ukashuka chini taratibu. Mama yule akakaa juu ya jiwe la mlangoni, akanipa mgongo, na akaanza: choo kimefika wapi, mguu unauma ukiinuka au ukikaa, ndama ni wa rangi gani, na kwa nini hakumwambia mtu. Nilisimama kwenye geti nikingoja wamalize niandike jina lake kwenye daftari. Baada ya muda nikaokota ungo, nikakaa chini, nikaendelea kuchambua maharagwe.